Nani alikuwa anakula unga usiku?

Mama wa miaka 47, mhasibu, alikuja kwenye duka letu la dawa Jumamosi moja kuomba dawa ya kuungua. Mgongo wa mkono wake wa kulia ulikuwa na malengelenge mawili, bado mabichi. Nikamuuliza, kama tunavyouliza siku zote: ni maji, mafuta, au pasi? Akasema hajui. Ameamka asubuhi akakuta mkono uko hivyo.

Mtu anaweza asijue kwa nini kichwa kinamuuma. Moto ni kitu kingine. Nikaacha kuandika risiti. Binti yake, mwanafunzi wa chuo aliyekuja naye, akamgusa bega: "Mama, mwambie na ya gari."

Kabla sijaendelea niseme kwamba baadhi ya mambo hapa nimeyabadilisha, na mengine nimeyachanganya kutoka kwa wateja zaidi ya mmoja, ili mtu asitambulike. Mwenendo wa dawa yenyewe sijaugusa.

Mambo yalianza na chakula. Kwa karibu mwezi mzima vitu vilikuwa vinapungua jikoni: maziwa ya unga, sukari, soseji za kwenye friza, hata unga wa sembe. Mume yuko kazini mkoani na huja mara moja kwa mwezi. Ndani ya nyumba analala mama, huyu binti anapokuwa likizo, na dada wa kazi mwenye miaka 19. Hesabu ilikuwa rahisi, na ikamwangukia mnyonge. Dada wa kazi aliulizwa, akakana, akakatwa mshahara, na mwisho friji ikafungwa kwa kufuli. Ufunguo ukalala chini ya mto wa mama. Chakula kikaendelea kupungua, na sasa dada akaonekana si mwizi tu bali mwizi mwenye ufunguo wa pili. Akaondoka kwenda kwao.

Wiki hiyohiyo alipoondoka, sufuria ilikutwa imeungua jikoni, mafuta yamekauka ndani yake, jiko la gesi likiwa limezimwa. Siku mbili baadaye gari likakutwa limeegeshwa kwa upande, tairi moja la mbele likiwa juu ya maua, na mchubuko mrefu kwenye mlango. Ufunguo wa gari ulipatikana saa nne asubuhi ndani ya kopo la unga. Shangazi mmoja akasema wazi alichokuwa anawaza kila mtu, kwamba nyumba ina kitu, aitwe shehe asome. Mimi sikupinga dua. Nilitaka kujua tu mama anameza nini.

"Dawa ya presha tu," akasema, "amlodipini, moja asubuhi."

Binti akamwangalia. Mama akaongeza, kama mtu anayetaja peremende: "Na kile cha usingizi."

Jibu la namna hiyo nalisikia mara nyingi. Dawa ya usingizi haihesabiwi kuwa dawa, maana haitibu ugonjwa wenye jina. Humezwa taa zikizimwa na kusahaulika asubuhi, na ukimuuliza mtu orodha ya dawa zake itakuja ya mwisho au isije kabisa. Nikamwomba binti arudi nyumbani alete kila boksi lililo kando ya kitanda.

Alileta maboksi mawili ya zolpidemu na chupa ya promethazini, ile ambayo wengi wanaiita Fenagani. Zolpidemu ni mmoja wa ndugu wa kundi tunaloliita dawa za Z, kwa sababu majina yao yamejaa herufi hiyo: zolpidemu, zopikloni, eszopikloni, zaleploni. Boksi la kwanza lilikuwa tupu, vidonge 14 vya miligramu 5, vilivyoandikwa na daktari. La pili lilinunuliwa kwingine bila cheti, vidonge 30, na kwenye boksi imeandikwa miligramu 10. Muuzaji alimwambia ni zilezile. Jina la dawa ni lilelile, ni kweli, lakini kipimo kilikuwa kimekuwa mara mbili, na mama hakuwa na sababu ya kusoma tarakimu ndogo kwenye karatasi ya fedha.

Risiti ya boksi la pili ilikuwa bado imo ndani. Tangu siku ile zilikuwa zimepita usiku 16. Anameza kimoja, akasema, hajawahi kuzidisha, na nilimwamini kwamba ndivyo anavyojua. Vilipaswa kubaki 14. Nikavimimina juu ya kaunta, tukavihesabu watatu: vilikuwa 5. Vidonge tisa vilikuwa vimemezwa na mtu ambaye hakumbuki kuvimeza. Dada wa kazi naye hakuwepo tena kubebeshwa hilo.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria mkono na kuanza kufikiria usiku mzima ulivyokwenda.

Zolpidemu hufanya kazi kwa kuongeza nguvu ya GABA, ile kemikali inayoupoza ubongo, na hupenda zaidi aina moja ya vipokezi vyake, ile inayoleta usingizi na kuzuia kumbukumbu mpya zisiandikwe. Ni dawa ya haraka. Kwenye tumbo tupu hufikia kilele kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi, na nusu yake huondoka kwa takriban saa mbili na nusu. Kwa sababu ya haraka hiyo imeandikwa itumike pale mtu anapoingia kitandani, si kabla, na pale tu anapokuwa na saa saba au nane za kulala mbele yake.

Mama huyu aliitumia kama watu wengi wanavyoitumia. Alikula chakula cha jioni saa tatu, akameza kidonge juu ya wali na maharage, akakaa sebuleni na simu akisubiri usingizi umfuate. Chakula huchelewesha zolpidemu na kupunguza kilele chake. Saa tatu na nusu hasikii kitu, saa nne kasoro bado anajibu ujumbe kwenye kundi la familia. Halafu dawa inaanza kupanda, na kitu cha kwanza kinachozimika si macho, ni kinasa kumbukumbu. Bado anaongea, bado anatembea, bado anawaza kwamba dawa leo haijafanya kazi. Anaongeza kidonge cha pili, na tayari yuko upande ambao hakuna kinachoandikwa. Binti alimpa simu aangalie ujumbe wake mwenyewe wa siku ya gari. Kuanzia saa nne na dakika kumi maneno yalikuwa yameanza kukosa vokali, na mwisho alikuwa amemtumia kaka yake picha ya kidole gumba. Hakukumbuka hata ujumbe mmoja.

Ushahidi wa usiku huo, kwa hiyo, haukuwa kwa mgonjwa. Nikamwomba binti awapigie simu watu wawili, mlinzi na dada wa kazi, na aulize bila kulaumu.

Mlinzi alikumbuka vizuri. Ilikuwa saa saba usiku. Mama alitoka akiwa na khanga na kandambili, akawasha gari. "Nikamwambia shikamoo mama, safari usiku huu? Akaitikia marahaba, akasema anafuata mkate. Nikafungua geti." Alirudi baada ya kama dakika ishirini, bila mkate, akapita kwenye maua, akashuka, akaingia ndani. Mlinzi aliona macho yake yamefunguka lakini hayamwangalii. Akadhani amegombana na mzee kwenye simu.

Dada wa kazi alisita kwanza, kisha akasema kitu ambacho kingeweza kumaliza jambo lote wiki tatu mapema. Alimkuta mama jikoni usiku akilamba maziwa ya unga kwa kijiko cha pawa, taa imezimwa. Alimwamkia, mama akaitikia bila kugeuka. Mara nyingine alimkuta anakula soseji zikiwa na barafu. Nani atamuuliza mwenye nyumba kwa nini anakula chakula chake? Na asubuhi, alipotuhumiwa, angesema nini: wewe ndiye mwizi? Akanyamaza.

Angalia kilichowapotosha wote wawili. Aliitikia salamu. Mtu aliyelala, tunadhani, haitikii. Lakini kuitikia shikamoo, kukoroga chungu, kuwasha gari na kurudi nyuma kwenye geti ni mambo ambayo mwili umeyafanya maelfu ya mara, na yanaweza kwenda yenyewe wakati sehemu inayopima hatari, inayopanga na inayokumbuka imezimwa. Uso hauna uhai, majibu ni mafupi na ya mazoea, na ukiuliza swali linalohitaji kufikiri hupati kitu cha maana. Mlinzi angemuuliza duka gani la mkate liko wazi saa saba, huenda geti lingebaki limefungwa.

Kama mama alikuwa amelala kweli au alikuwa macho bila kumbukumbu, siwezi kukuambia bila mashine ya kupima mawimbi ya ubongo usiku ule. Yote mawili hutokea kwa dawa hii. Kwa aliyeko barabarani mbele ya gari hilo tofauti ni ndogo.

Hili si geni. Mei 2006, saa tisa kasorobo usiku, mbunge wa Marekani Patrick Kennedy aligonga kizuizi karibu na jengo la Bunge mjini Washington, akawaambia polisi anawahi kupiga kura. Hakukuwa na kura saa hizo. Alisema baadaye hakumbuki, na kwamba alikuwa amemeza zolpidemu na promethazini, dawa mbili zilezile zilizokuwa juu ya kaunta yangu. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza kipimo cha kuanzia cha wanawake kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu mwili wa mwanamke huiondoa dawa hii taratibu zaidi. Saa nane baada ya kumeza miligramu 10, karibu asilimia 15 ya wanawake walikuwa bado na kiwango kwenye damu kinachoweza kuharibu uendeshaji wa gari, wakati kwa wanaume ilikuwa kama asilimia 3. Na Aprili 2019 mamlaka hiyohiyo iliweka onyo lake kali kuliko yote kwenye zolpidemu, eszopikloni na zaleploni, baada ya kupitia taarifa 66 za watu walioumia vibaya au kufa wakitenda mambo usingizini: 20 walikufa, 46 walijeruhiwa. Idadi hiyo ni ya waliofika kwenye taarifa tu, na ya mabaya kabisa. Mama wa unga na kijiko cha pawa hamo.

Onyo lile lina sentensi moja ambayo ningependa kila muuzaji aijue. Mambo haya yameonekana hata kwa kipimo kidogo kabisa, hata baada ya kidonge kimoja, hata bila pombe. Na hapa ilikuwa hivyo. Dada wa kazi alimwona mama na kijiko cha pawa kabla ya boksi la pili kununuliwa, yaani akiwa bado kwenye miligramu 5. Kuongezeka kwa kipimo kulihamisha tatizo kutoka jikoni hadi barabarani, lakini hakukulizaa. Ndiyo maana "punguza kidogo" halikuwa jibu. Aliyepatwa mara moja haandikiwi tena dawa hiyo wala nyingine yoyote ya kundi la Z. Mama aliuliza kama anaweza kubadilishiwa zopikloni, maana rafiki yake anaitumia salama. Nikamwambia hapana, mtaa ni uleule.

Hata hivyo mfamasia asijifanye hakimu. Zipo sababu nyingine za mtu kutenda bila kukumbuka usiku, na nilimtuma kwa daktari na barua iliyozitaja. Sukari ikishuka usiku, mtu huchanganyikiwa na kula ovyo, lakini hiyo ni kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, naye hatumii, na vipimo vya sukari vilikuwa safi. Kifafa cha usiku kwa kawaida huja kwa dakika moja au mbili, kwa namna ileile kila mara, si kwa safari ya dakika ishirini. Utotoni hakuwahi kutembea usingizini, na kwao hakuna. Kipimo kikubwa kuliko vyote kilikuwa chepesi: kuacha dawa na kutazama. Dawa inayopungua nusu kila saa mbili na nusu haiko mwilini baada ya siku mbili. Kama unga ungeendelea kupungua wiki ya pili, tungekuwa tumekosea.

Daktari aliisimamisha mara moja. Kwa mtu aliyetumia miezi au miaka, au vipimo vikubwa, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka hata degedege, na huyo hushushwa chini ya uangalizi. Huyu alikuwa na siku thelathini. Tulimwonya tu kwamba usiku wa kwanza hadi wa nne usingizi utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla ya dawa, na kwamba huo si ushahidi kuwa anaihitaji. Binti alichukua vidonge vitano vilivyobaki pamoja na funguo za gari, akalala chumba kimoja na mama yake. Valvu ya mtungi wa gesi ilikuwa inafungwa kila usiku.

Lilibaki swali ambalo hakuna aliyemuuliza tangu mwanzo, tangu lile boksi la kwanza: kwa nini hupati usingizi?

Alisema ni mawazo, halafu akasema ni miguu. Jioni akikaa au akijinyoosha, ndani ya miundi kunatambaa kama sisimizi waliopotea njia, na lazima ausogeze mguu. Nikauliza: ukisimama na kutembea? Kunapoa palepale. Mchana je? Mchana hakuna. Ni maelezo ya kitabuni ya ugonjwa wa miguu isiyotulia. Wataalamu wa usingizi wameshaona uhusiano huu: mtu mwenye miguu hii anahesabiwa ana ukosefu wa usingizi wa kawaida, anapewa zolpidemu, na usiku ile haja ya kuinuka bado ipo. Anainuka, anatembea, anafika jikoni, lakini sasa hajui.

Promethazini nayo alikuwa ameinunua kabla ya yote, akisikia inalaza. Inalaza kweli, kama piritoni, lakini dawa za mzio za aina hiyo huichochea miguu hii. Kwa hiyo usiku alipozimeza zote mbili, moja ilikuwa inamwinua na nyingine inamfutia kumbukumbu ya kuinuka.

Kinachosababisha miguu isiyotulia mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, na mwanamke wa umri huu lazima aulizwe kuhusu hedhi. Yake ilikuwa nzito, siku nane, kwa miaka miwili, na alishaizoea. Damu ilikuwa 9.8. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa 11. Kwa mwenye miguu hii tunataka ipite 75. Ultrasaundi ilionyesha fibroidi tatu. Kutoka kwenye fibroidi hadi tairi juu ya maua ni njia ndefu, lakini kila hatua imeshikana na iliyotangulia.

Akaanzishiwa vidonge vya chuma, kimoja kila baada ya siku moja, na maji ya chungwa. Ugomvi wetu mkubwa haukuwa juu ya zolpidemu bali juu ya chai, kwa sababu chai ya rangi hushika chuma tumboni na yeye hunywa vikombe vitatu kabla ya saa nne asubuhi. Tulikubaliana kidonge kiwe cha alasiri. Kuhusu usingizi wenyewe, alipewa utaratibu ambao hauna kidonge: kitandani ni saa tano, si kabla, kuamka saa kumi na moja na nusu hata kama usiku ulikuwa mbovu, na usingizi usipokuja kwa kama dakika ishirini anatoka chumbani. Wiki ya kwanza aliuchukia.

Usiku wa pili bila dawa alilala saa mbili tu, alfajiri akanipigia simu kuniambia hivyo kwa hasira. Lakini binti alikuwa amepanga vitu jikoni na kuvipiga picha kila usiku kabla ya kulala, na kopo la unga halikuguswa. Wiki ya tatu bado halijaguswa. Miguu ilichukua karibu miezi miwili kutulia, na sasa humjia siku mbili tatu za hedhi. Fibroidi ziko kwa daktari wa wanawake, na hilo bado linaendelea.

Nilijaza fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, ya kuripoti madhara ya dawa. Sehemu ya kueleza kilichotokea ilinichukua muda, kwa kuwa kwa kawaida hapo tunaandika maneno ya mgonjwa, na mgonjwa hakuwa na neno hata moja. Nikaandika ya mlinzi, na ya dada wa kazi niliyoyapata mwenyewe kwa simu. Nilipomaliza kumuuliza, yeye akaniuliza kama kile kiasi alichokatwa kwenye mshahara nacho kinaandikwa kwenye fomu. Nikamwambia hapana, hicho nitamwambia mama. Nilimwambia, akamtumia siku hiyohiyo.